Mistari Miwili na Saa Nne Zilizo Baina Yake

Mkunga mpya anapokabidhiwa karatasi ya patografu kwa mara ya kwanza, aghalabu macho yake hukimbilia yale mengi yaliyotapakaa juu yake, miraba midogo ya mapigo ya moyo wa mtoto, safu ya maji ya uzazi, visanduku vya uchungu, nafasi za dawa, mshipa, shinikizo la damu na mkojo, hata akadhani kwamba amepewa daftari la hesabu ilhali yeye alikuja kuzalisha. Lakini katikati ya karatasi ile imepita mistari miwili mshazari, sambamba, inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia, wa kwanza ukiitwa mstari wa tahadhari na wa pili mstari wa hatua. Na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza leo kwa utuvu, kwa kuwa ndiyo ambayo wanafunzi huikariri upesi kuliko vyote, na ndiyo ambayo maana yake huchelewa kuwaingia kuliko vyote.

Asili ya jambo hili ni tabibu wa New York, Emanuel Friedman, ambaye mwaka 1954 alichapisha mchoro wa kwanza wa namna mlango wa kizazi unavyofunguka kadiri saa zinavyopita, akaonyesha kuwa safari hiyo haiendi kwa mwendo mmoja, bali huanza polepole, kisha hushika kasi, na kwamba mwendo huo waweza kupimwa kwa sentimita na kuandikwa karatasini. Mchoro wake ulikuwa wa elimu. Walioutia katika kazi ya wakunga ni matabibu wawili, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Rodesia, katika mji uliokuwa ukiitwa Salisbury na leo unaitwa Harare, nao walichapisha maelezo yao mwaka 1972. Tatizo lao halikuwa la kitaalamu tu, lilikuwa pia la barabara: hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji ilikuwa moja, zahanati zilizoizunguka zilikuwa kadhaa wa kadhaa, na katika kila zahanati alikuwapo mkunga peke yake na mama mwenye uchungu, asijue ni saa ngapi angoje na ni saa ngapi aite gari. Akiwahi mno, hospitali itafurika kina mama ambao wangejifungua salama pale pale walipo. Akichelewa, mama atafika huku kizazi kimekwisha kupasuka au mtoto amekwisha kufa tumboni.

Basi waliwaangalia wenye mimba ya kwanza, wakatazama wale waliokwenda taratibu kuliko wenzao, kumi katika kila mia, wakaona kwamba hata hao, uchungu ukisha kukolea, mlango wa kizazi ulifunguka kwa kiasi cha sentimita moja kila saa. Mwendo huo ndio walioupigia mstari wa kwanza. Mama aliye kushoto ya mstari huo, au juu yake, anakwenda kama wanavyokwenda walio wengi. Aliyeuvuka kwenda kulia hajapatwa na ugonjwa, ila ameingia katika kundi dogo ambamo hatari hupatikana zaidi. Kisha wakahesabu saa nne kwenda kulia, wakapiga mstari wa pili. Na saa hizo nne hazikutoka hewani: ni muhula wa kutambua, kuita gari, kusafiri, kupokewa, na kuanza tiba. Yaani nafasi iliyo baina ya mistari ile miwili, mkunga wa zahanati aisome kama njia ya kutoka kwake hadi hospitali. Mwenye chumba cha upasuaji ng'ambo ya ukumbi aweza kuisoma vingine. Asiye nacho hana namna nyingine ya kuisoma.

Tuingie sasa katika kuichora. Katika karatasi iliyoenea tangu mwaka 2000, upande wa kushoto umeandikwa sentimita, kuanzia 0 chini hadi 10 juu, na chini zimepangwa saa. Mstari wa tahadhari huanzia sentimita 4 katika saa ya sifuri, ukafika sentimita 10 katika saa ya 6. Mstari wa hatua huanzia sentimita 4 katika saa ya 4, ukafika 10 katika saa ya 10. Mkunga akimpima mama kwa vidole viwili, akakuta mlango umefunguka sentimita kadhaa, hutia alama ya X. Na alama ile ya kwanza, maadamu uchungu umekwisha kukolea, huwekwa juu ya mstari wa tahadhari wenyewe, mahali unapokutana na sentimita alizozikuta, kisha saa halisi ya ukutani ikaandikwa chini ya mahali pale. Alama zote zitakazofuata hupangwa kwa kuhesabu saa kutoka hapo.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nimeliona likirudiwa na watu wenye akili zao. Mama amefika akiwa na sentimita 5. Mkunga, kwa kuwa ndiyo kwanza anaanza kuandika, huona ni haki aanzie pembezoni kabisa, kwenye saa ya sifuri, akatia X yake pale. Lakini mstari wa tahadhari hufika sentimita 5 kwenye saa ya 1, si ya sifuri. Kwa hiyo alama imekaa kushoto ya mstari kwa saa nzima, na tangu hapo kila kipimo kitakachoandikwa kitamwonyesha mama yule yuko mbele kwa saa moja kuliko alivyo, na saa hiyo ya uwongo itakatwa katika zile saa nne za safari bila mtu kujua.

Kuna na jambo la saa lenyewe, ambalo kwetu linataka hadhari ya pekee. Sisi hugawa siku kwa mawio na machweo; fomu za hospitali hugawa siku kwa saa 24. Mkunga aliyeandika "2" akikusudia saa 2 usiku, na mwenzake wa zamu akaisoma kuwa ni saa 8 usiku, wamekwisha kuichanganya karatasi yote kwa saa sita, na hakuna kitakachowazindua kwa kuwa mistari haisemi. Hapana dawa ila kituo kizima kuandika kwa namna moja, 20:00 au 02:00, tarakimu nne bila kukosa.

Sasa nimlete mama mmoja wa mfano, wa aina ile ambayo kila mkunga wa bara amekwisha kumpokea. Ni mimba yake ya kwanza, imetimia, mtoto ametanguliza kichwa. Amefika zahanati saa 2 usiku, 20:00, amefuatana na mama mkwe na kanga zake ndani ya beseni. Mlango wa kizazi umefunguka sentimita 5; chupa haijapasuka; mapigo ya moyo wa mtoto ni 140 kwa dakika, nayo huhesabiwa kuwa mazuri yakiwa kati ya 110 na 160; uchungu unakuja mara tatu katika kila dakika kumi, na kila mmoja hudumu sekunde 35. Mkunga mkubwa amesimama nyuma, anamwacha chipukizi aandike.

"Weka X yako wapi, mwanangu?"

"Juu ya mstari wa tahadhari, mama, kwenye tano. Chini nimeandika 20:00."

"Na kichwa?"

Swali hilo la pili lina uzito kama la kwanza, ila wengi hulipita. Kichwa cha mtoto hupimwa kwa nje, kwa mkono uliowekwa juu ya mfupa wa kinena, na hukadiriwa kwa tano: kikishikika kwa upana wa vidole vitano, basi chote kiko juu ya nyonga, ni tano ya tano, kikibaki cha kushikika kwa vidole viwili tu, kimekwisha kuzama. Alama yake ni duara, O, na huandikwa katika mchoro ule ule wa X. Mlango ukifunguka na kichwa kikishuka, X hupanda na O huteremka. Kwa mama yetu, kichwa kilishikika kwa vidole vinne, na chipukizi akatia O kwenye 4.

Kila nusu saa wakasikiliza moyo wa mtoto kwa fetoskopu, wakahesabu uchungu kwa dakika kumi mkono ukiwa juu ya tumbo, wakaandika. Mlango hawakuupima tena mpaka zitimie saa nne, na sababu ni kwamba kila mara mkono uingiapo, hata ukiwa na glovu safi, hupandisha vijidudu kuelekea kizazini, hasa chupa ikisha kupasuka. Saa tano na nusu usiku, 23:30, chupa ikapasuka yenyewe, maji yakatoka meupe, wala hayakuwa na rangi ya kijani ya kinyesi cha mtoto. Saa 6 usiku, 00:00, chipukizi akapima: sentimita 6.

Akahesabu saa nne kutoka alama ya kwanza, akatia X. Mwendo wa sentimita moja kwa saa ungemfikisha mama kwenye 9, yuko 6. Mstari wa tahadhari hupita kwenye 6 katika saa ya 2, na wa hatua hupita kwenye 6 katika saa ya 6. Alama ya mama imekaa kwenye saa ya 5. Amekwisha kula saa tatu katika zile nne, na imebaki moja. Laiti alama ya kwanza ingalikuwa imewekwa pembezoni kwa lile kosa nililolitaja, karatasi ingesema zimebaki mbili.

"Bado yuko kabla ya mstari wa hatua, mama. Tumpe saa mbili tumwangalie?"

"Gari la hospitali huchukua muda gani mpaka kufika hapa?"

"Nusu saa likiwapo."

"Na kutoka hapa kwenda?"

"Saa nzima na zaidi kidogo, barabara ikiwa kavu."

"Basi hesabu mwenyewe."

Chipukizi yule hakuwa mzembe. Alikuwa ameusoma mstari wa hatua kwa maneno yake, kwamba hatua huchukuliwa pale ukifikiwa. Hilo ni sahihi kwa hospitali ambako hatua yenyewe yaweza kuchukuliwa: kumtathmini mama upya, kuamua kama ataongezewa uchungu kwa dawa au atafanyiwa upasuaji, au, mlango ukisha kufunguka wote, kama mtoto atasaidiwa kwa kifaa cha kuvuta. Zahanati haina lolote katika hayo. Hatua ya zahanati ni rufaa, na rufaa huanzia kwenye mstari wa tahadhari. Mkunga wa zahanati akiusubiri mstari wa pili ametumia muda uliowekwa kwa ajili ya barabara kukaa kitako.

Ila karatasi haikupi ruhusa ya kufumba macho ukatazama X peke yake. Kabla ya kuita gari, mkunga mkubwa alimtaka mwenzake aangalie mambo mawili. La kwanza ni kibofu, kwa kuwa kibofu kilichojaa huzuia kichwa na hudhoofisha uchungu, na pengine mama akikojoa tu mambo hufunguka; chake kilikuwa kitupu. La pili ni kulinganisha uchungu na kichwa. Uchungu sasa ulikuwa unakuja mara nne katika dakika kumi, kila mmoja sekunde 45, ndiyo kusema una nguvu za kutosha. Na kichwa kilikuwa kingali kwenye vidole vinne, hakikushuka hata kimoja. Ndani, chipukizi alihisi mifupa ya fuvu la mtoto imegusana pale inapoungana, akaandika alama moja ya kujumlisha. Ikianza kupandana na kidole chaweza kuitenga huandikwa mbili, na ikipandana pasi kutengeka ni tatu, nayo ni dalili ya kichwa kinachobanwa vikali.

Laiti uchungu ungalikuwa hafifu, mara mbili katika dakika kumi, sekunde 20 kila mmoja, sababu ya kuchelewa ingekuwa dhahiri, na tabibu wa hospitali angeweza kuutia nguvu kwa oksitosini ya mshipani, akiwa na wa kumkesha mama na chumba cha upasuaji karibu. Lakini uchungu wenye nguvu usioteremsha kichwa maana yake kuna kizuizi: ama kichwa ni kikubwa kwa nyonga ile, ama kimekaa vibaya. Kumwongezea mama huyo nguvu ni kukisukuma kizazi dhidi ya mlango uliofungwa. Kwa mwenye mimba ya kwanza aghalabu kizazi huchoka, uchungu ukalegea, na kichwa kikaendelea kukibana kibofu kwenye mfupa wa kinena saa baada ya saa mpaka nyama zikafa, na siku chache baadaye mkojo ukaanza kumtoka mama bila kujizuia, ndiyo fistula ya uzazi. Kwa aliyekwisha kuzaa, kizazi huenda kikazidi kupambana hadi kikapasuka. Kwa sababu hiyo, dawa ya kuongeza uchungu haitiwi zahanatini kabla mtoto hajazaliwa, hata kama chupa yake iko kabatini kwa kazi ya kuzuia damu baada ya kuzaa, na hata jamaa walioko nje wakiomba mgonjwa wao asaidiwe kidogo.

Sharti niseme hapa kwamba elimu ya mistari hii imepingwa, na kwa haki. Shirika la Afya Duniani ndilo lililoieneza. Jaribio lake kubwa katika Indonesia, Malaysia na Thailand, lililochapishwa mwaka 1994 na kuhusisha kina mama zaidi ya 35,000, lilionyesha uchungu uliozidi saa 18 ukipungua kutoka 6.4 hadi 3.4 katika kila mia. Lakini mwaka 2018 shirika lilo hilo likasema wazi kwamba sentimita moja kwa saa ni kipimo kikali mno, kwamba wengi huenda polepole kuliko hivyo na wakazaa salama, hasa kabla ya sentimita 5, na kwamba mwendo wa taratibu pekee si sababu ya kumpasua mama aliye salama na mtoto wake. Karatasi mpya iliyotolewa mwaka 2020 haina mistari mshazari kabisa. Huanza kwenye sentimita 5, na kila sentimita imepewa kikomo chake, saa 6 kwa aliyeko kwenye 5, saa 5 kwa 6, saa 3 kwa 7, saa 2 na nusu kwa 8, saa 2 kwa 9. Kwa karatasi hiyo, mama yetu wa saa 6 usiku hajavuka kikomo chochote cha kufunguka.

Je, tumwite mkunga mkubwa mwenye haraka? Mimi sioni hivyo. Katika mapendekezo yale yale ya mwaka 2018 yamo maneno kwamba mahali pasipoweza kufanya upasuaji wala kuongeza uchungu, na ambako hospitali ya rufaa ni ya taabu kufikiwa, mstari wa tahadhari waweza kuendelea kutumika kuwachuja kina mama wanaohitaji uangalizi wa juu zaidi, alama zikianzia sentimita 5. Kisa cha Salisbury kimerudi kule kule kilikoanzia. Hospitali imeambiwa iache kumharakisha mama kwa ajili ya mstari. Zahanati ya mbali imeachiwa mstari wake, kwa sababu kinachoamuliwa pale ni kuhusu gari, wala si kisu. Na kwa mama huyu haukuwa mstari peke yake: kichwa kisichoshuka mbele ya uchungu wenye nguvu ni neno zito katika karatasi yoyote, ya zamani au mpya.

Simu ilipigwa saa 6 na dakika 10. Mama akalazwa ubavu wa kushoto, akawekewa mpira wa maji mshipani, na jamaa wawili wakaambiwa wafuatane naye, huenda damu ikahitajiwa. Chipukizi ndiye aliyepanda gari pamoja naye, amebeba vifaa vya kuzalishia iwapo mtoto atataka kutokea njiani, na patografu ile ile, si nakala wala barua ya rufaa iliyoandikwa kwa ufupi. Gari lilipoondoka saa 6 na dakika 45 alisikiliza moyo wa mtoto, na nusu saa baadaye alilisimamisha kando ya barabara, kwa kuwa gari likitembea fetoskopu haisikii kitu. Akaandika 150, kisha 152. Naomba mkunga mpya alishike jambo hilo: karatasi hujazwa pale pale kitu kinapopimwa. Ninazijua patografu zilizojazwa mchana, mtoto amekwisha kuzaliwa, zenye X zilizopangika juu ya mstari kama zilizopigwa kwa rula; hazikumsaidia mama yule, na zinamdanganya yeyote atakayezisoma kutafuta palipoharibika.

Walipokewa kabla ya saa 8 kutimia. Tabibu wa zamu hakuanza na maswali. Aliinyosha karatasi chini ya taa, akafuata X mbili na O mbili kwa kidole, akasoma uchungu, akasoma safu ya mapigo ya moyo, kisha ndipo alipompima mama. Saa 8 usiku kamili, 02:00: sentimita 6, kichwa vidole vinne, mifupa ya fuvu imepandana, mbili. Chipukizi akatia X ya tatu mwenyewe, kwenye saa ya 7. Mstari wa hatua umepita hapo kwenye sentimita 6 katika saa ya 6. Mama alikuwa ameuvuka kwa saa moja, ingawa gari liliitwa mara tu alipopimwa saa 6. Tabibu akaandika uamuzi wake wa upasuaji chini ya alama ile, na saa yake, 02:05, na wauguzi wa zamu wakaanza kumwandaa.